Saa Tisa Ipi? Ujumbe wa Mwalimu Mkuu Unapogeuka Waraka

"Wazazi habari za jioni. Kuna wazazi bado hawajamalizia ada na mitihani ndiyo hiyo inakaribia. Jamani tusichoshane. Mwenye deni amalizie kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo mtoto hatafanya mtihani. Malipo kwa namba ya mhasibu kama kawaida. Halafu Jumamosi kuna kikao saa 9, msikose, kuna suala la chakula. Asanteni."

Ujumbe wa aina hii si mgeni kwa mzazi wa Tanzania mwenye mtoto katika shule ya binafsi. Unaingia kwenye kundi la WhatsApp saa mbili usiku, mwalimu mkuu akiwa ameshafika nyumbani na madai ya wasambazaji wa mchele bado yanamzunguka kichwani. Wazazi wanaanza kujibu. Mmoja anasema "Sawa mwalimu", wa pili anauliza anadaiwa shilingi ngapi, wa tatu anataka kujua kikao ni asubuhi au mchana. Wa nne analeta tangazo la msiba, pole zinamiminika, na kufikia asubuhi maneno ya mwalimu yameshapanda juu huko ambako hakuna anayeyatafuta.

Tuseme shule hii ni ya msingi, ya binafsi, ya kutwa, mjini Morogoro, na kamati ya shule imemwomba mwalimu mkuu ujumbe ule utoke upya kama waraka rasmi kwa wazazi. Karatasi inatua mezani kwa katibu muhtasi. Wengi hudhani kazi yake hapo ni kuuvisha ujumbe suti: aweke anwani juu, aandike "Kichwa cha habari hapo juu chahusika", apachike "aidha" mbili tatu, agonge mhuri. Katibu anayeijua kazi hagusi kompyuta kwanza. Anachukua kalamu na kuuliza maswali, kwa sababu ule ujumbe umeacha karibu kila kitu ambacho mzazi angehitaji ili atende anachotakiwa kutenda.

Anaanza na kuugawa. Ndani ya mistari ile kuna mambo mawili, ada na kikao, na hayawahusu watu walewale. Kikao ni cha kila mzazi. Ada inawahusu wanaodaiwa. Yakikaa kwenye karatasi moja, mzazi aliyelipa tangu Januari anasoma sentensi mbili za mwanzo, anaona hazimhusu, anaiweka pembeni, na kikao kinampita. Mwenye deni naye anaweza kuogopa kwenda kikaoni akidhani ni cha kudaiana mbele za watu. Kwa hiyo zinatoka nyaraka mbili, kila moja na kichwa chake na namba yake ya kumbukumbu.

Kisha zinakuja tarehe. "Jumamosi" ni ipi? Ujumbe uliotumwa Alhamisi unaweza kusomwa Jumapili na mzazi aliyekuwa shamba au safarini, naye akahesabu Jumamosi yake. Neno "kesho" ni baya zaidi, maana kila linaposambazwa upya linasogea siku moja mbele. "Mwisho wa mwezi" kwa mfanyakazi ni siku mshahara unapoingia. Kwa mhasibu wa shule ni siku ya kufunga hesabu. Katika waraka siku na tarehe huenda pamoja, "Jumamosi, tarehe 16 Mei 2026", kwa sababu hizo mbili zinalindana. Mchapaji akikosea tarakimu, jina la siku litamuumbua kabla barua haijatoka, mradi kuna mtu aliyefungua kalenda kuhakiki.

Saa ndiyo yenye visa. Shule nyingi za mchepuo wa Kiingereza hubandika ratiba ukutani kwa saa za Kizungu, na mwalimu aliyeshinda akiitazama ile 9:00 ya kipindi cha asubuhi anaweza kuiandika hivyohivyo kwa wazazi. "Kikao saa 9." Wazazi wanaosoma Kiswahili kama Kiswahili wanafika saa tisa alasiri na kukuta mlinzi amefunga geti na viti vimesharudishwa madarasani. Waliofika saa tatu asubuhi wamekwishapitisha mambo. Hapo huzuka ugomvi ambao hauhusu chakula wala ada, na kila upande una ujumbe wa kuuonyesha kwenye simu. Tiba yake ni fupi: saa ya Kiswahili, na sehemu ya siku iandikwe kila mara. Saa 3:00 asubuhi.

Suala la fedha lina uzito wake. "Namba ya mhasibu kama kawaida" ni maneno ambayo tapeli angelipa ayapate. Watanzania wanaufahamu vizuri ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unaotumwa ovyo kwa maelfu ya watu kwa matumaini kwamba mmoja wao kweli alikuwa karibu kumtumia mtu fedha. Mamlaka ya Mawasiliano imetenga namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa kitapeli. Sasa shule ikizoea kudai ada kwa lugha hiyohiyo, fupi, ya haraka, bila jina kamili la mpokeaji, inawafundisha wazazi wake kuuamini ujumbe ambao serikali inawaambia wasiuamini. Siku tapeli akijipenyeza kwenye kundi akiwa na picha ya mwalimu mkuu kwenye wasifu wake, mzazi hana kipimo cha kumtofautisha.

Waraka unampa kipimo hicho kwa sentensi mbili. Ya kwanza inamrudisha mzazi kwenye akaunti ambayo tayari anayo kwenye fomu ya kujiunga, bila kuleta namba mpya. Ya pili inafunga mlango: shule haipokei ada kwa namba ya simu ya mtu yeyote. Kama shule kweli imehama benki, jambo hilo linastahili barua yake peke yake, yenye sahihi ya mwalimu mkuu na ya mwenyekiti wa kamati. Lisipenyezwe katikati ya mambo mengine.

Halafu kuna ile "la sivyo". Katibu anamuuliza bosi wake, kwa adabu zote, "Mwalimu, mtihani upi?" Kama ni mtihani wa muhula, unaotungwa na shule yenyewe, kuna kanuni yoyote iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga ambayo mzazi aliisaini? Kama ipo, waraka unaitaja kanuni hiyo kwa namba yake na kuishia hapo. Kama haipo, tishio linafutwa. Na kama aliyekuwa akifikiriwa ni mtoto wa Darasa la Saba, mtihani ule ni wa Baraza la Mitihani la Tanzania, si mali ya shule, na mwalimu mkuu asiandike kwa mhuri tishio la kitu kisicho chake. Maneno ya kwenye simu mtu anaweza kuyaita hasira za jioni. Yaliyo kwenye karatasi yenye kumbukumbu yatasomwa na ofisa elimu kama yalivyo.

Baada ya maswali hayo, waraka wa ada unaandikika kwa muda mfupi. Unaweza kusomeka hivi:

SHULE YA MSINGI (jina)
S.L.P. (namba), MOROGORO

Kumb. Na. ADA/02/2026
28 Aprili 2026

Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa Darasa la Kwanza hadi la Saba

YAH: KUKAMILISHA ADA YA AWAMU YA PILI, MWAKA 2026

Ada ya awamu ya pili, Sh. 400,000 kwa kila mwanafunzi, ilipaswa kulipwa kufikia tarehe 7 Aprili 2026. Shule inawashukuru wazazi na walezi waliokwisha kulipa. Barua hii haiwadai chochote.

Ambaye hajakamilisha anaombwa kulipa kiasi kilichobaki kufikia Ijumaa, tarehe 15 Mei 2026. Kiasi hicho kimeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya bahasha yake.

Malipo yafanyike kwenye akaunti ya benki ya shule iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Shule haipokei ada kwa namba ya simu ya mwalimu au mfanyakazi yeyote. Hati ya malipo ionyeshe jina la mwanafunzi na darasa lake, na nakala yake iletwe kwa mhasibu ili upewe stakabadhi.

Mzazi au mlezi ambaye hataweza kukamilisha kufikia tarehe hiyo anaombwa kufika ofisi ya Mwalimu Mkuu kabla ya Jumatano, tarehe 13 Mei 2026, siku za kazi kati ya saa 2:00 asubuhi na saa 9:00 alasiri, ili kukubaliana kwa maandishi namna ya kulipa.

(Sahihi, jina na mhuri)
MWALIMU MKUU

Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Shule
Mhasibu

Msomaji aliyekulia kwenye barua za serikali ataona upungufu mara moja: kile "kichwa cha habari hapo juu chahusika" hakipo. Kinafaa pale ofisi inapoiandikia ofisi na jalada lina barua nyingine kumi za jambo hilohilo. Kwa mzazi aliyesimama dukani kwake na bahasha mkononi, mstari huo hausemi kitu, na unakalia nafasi ya kwanza ambayo ingeweza kutaja kiasi na tarehe. Wakubwa wengine watanung'unika kwamba barua bila mstari huo haijavaa. Waachiwe mstari wao kama wanaung'ang'ania, ilimradi sentensi inayofuata iseme jambo lenyewe.

Kwenye waraka ule hakuna jina la mdaiwa hata mmoja. Zipo shule zinazobandika kwenye kundi orodha nzima ya watoto na madeni ya wazazi wao, zikiamini aibu ni mkusanyaji mzuri wa ada. Mbali na kwamba siku ya pili mtoto anasomewa deni la baba yake na wenzake kwenye basi la shule, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Jina la mtoto likiandamana na deni la nyumbani kwao ni taarifa binafsi, na kundi la wazazi mia mbili si mahali pake. Ndiyo maana kiasi kinaingia kwenye kikaratasi ndani ya bahasha iliyofungwa, kikionyesha ada yote ya mwaka, kilicholipwa, tarehe za malipo na kilichobaki. Kikaratasi hicho pia humwokoa mhasibu. Mzazi aliyelipa benki bila kuandika jina la mtoto ataona malipo yake hayamo na atakuja na hati yake mkononi, jambo ambalo ujumbe wa "mwenye deni amalizie" usingelifichua hata siku moja.

Waraka wa kikao una ugumu wa aina nyingine. Ujumbe wa awali ulisema "kuna suala la chakula", na hapo ndipo vikao vingi vya wazazi vinapoharibika kabla havijaanza. Kama suala lenyewe ni kuwapa wazazi habari kwamba jiko limekarabatiwa, anayekosa hapotezi kitu. Lakini kama ni pendekezo la kupandisha mchango wa uji na chakula cha mchana kutoka Sh. 1,500 hadi Sh. 2,000 kwa siku, hesabu inabadilika. Shilingi 500 kwa siku 20 za masomo ni Sh. 10,000 kwa mwezi kwa kila mtoto, na mwenye watoto watatu shuleni anaongezewa Sh. 30,000. Mzazi huyo angeomba ruhusa kazini kama angejua.

Kwa hiyo waraka wa mwaliko hubeba ajenda kamili, kwa mtiririko ambao wajumbe wa vikao vya Kiswahili wanaujua: kufungua kikao, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, kisha jambo lenyewe likitajwa kwa tarakimu, yaani "Kujadili na kuamua pendekezo la kuongeza mchango wa chakula kutoka Sh. 1,500 hadi Sh. 2,000 kwa siku kuanzia Julai 2026", halafu mengineyo na kufunga. Maneno mawili, kujadili na kuamua, yanamwambia mzazi kwamba kura inaweza kupigwa pale. Makisio ya gharama za mchele, maharage, mafuta na kuni yanaambatanishwa kwenye ukurasa wa pili, ili watu waje wameshayasoma. Jambo la fedha lisichomekwe chini ya "mengineyo". Likipitishwa huko, wasiohudhuria watakuwa na haki ya kuuliza waliitwa kuamua nini, na muhtasari hautakuwa na jibu.

Katika shule za serikali mwandishi wa waraka ana mipaka mikali zaidi, maana huko neno ada halina mahali pa kukaa. Kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, elimu kuanzia awali hadi kidato cha nne ikawa bila malipo tangu Januari 2016, na kidato cha tano na cha sita viliondolewa ada katika mwaka wa fedha 2022/23. Waraka mwingine, Na. 3 wa mwaka 2016, ulifafanua yanayobaki kwa mzazi, yakiwemo sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Mwalimu mkuu wa shule hizo anayetuma ujumbe wa "kila mtoto aje na elfu mbili Jumatatu" anajitafutia makubwa. Waraka wake unapaswa kuonyesha ni kikao gani cha wazazi kilichokubaliana kuhusu mchango huo na tarehe yake, na ueleze bila kumung'unya kwamba mtoto hatarudishwa nyumbani kwa sababu yake. Kama kikao hicho hakikufanyika, waraka hauandikiki, na afadhali katibu aligundue hilo kuliko mkaguzi.

Barua ikishachapwa, kuna jaribio moja la bei nafuu. Apewe mwanafunzi wa Darasa la Tano aisome kwa sauti mbele ya mpishi wa shule, kisha mpishi aulizwe: nani analipa, kiasi gani, wapi, mwisho lini, na asiye nacho afanye nini? Jaribio hili lina sababu. Watoto wengi wanalelewa na bibi zao, na barua ya shule bibi huisikia kwa mdomo wa mjukuu. Sentensi kama "wazazi ambao hawajatekeleza takwa hilo wanahimizwa kufanya hivyo kwa wakati" inasomeka vizuri kwa afisa, ila mjukuu akifika mwisho wake bibi atauliza, "Sasa wanataka nini?" Na ni kweli, sentensi ile haijataka kitu kinachoshikika. Urasmi uliozidi unaweza kuficha mambo kama vile uzembe wa kwenye simu ulivyoyaficha.

Njia ya kufikisha nayo ina mpangilio wake. Karatasi hutangulia, ikiwa na kipande cha chini cha kukatwa ambacho mzazi anasaini na mtoto anakirudisha kwa mwalimu wa darasa. Mwalimu akihesabu vipande anajua ni bahasha zipi zimeishia chini ya begi pamoja na maganda ya karanga. Picha ya waraka, bila vikaratasi vya madeni, inafuata kwenye kundi, na wenye vitochi wanapelekewa ujumbe mfupi unaotaja namba ya kumbukumbu: "Waraka Kumb. Na. ADA/02/2026 umetumwa leo kwa mkono wa mwanao. Tafadhali muulize." Nakala moja inabaki kwenye jalada, na namba yake inaandikwa kwenye daftari la barua zinazotoka.

Namba hiyo inaonekana faida yake siku mambo yanapobadilika. Tuseme ukumbi umepata shughuli nyingine na kikao kimesogezwa wiki moja. Kishawishi ni kuandika kundini, "Jamani ile tarehe imebadilika, ni Jumamosi inayofuata," na hapo kila kilichojengwa kimebomoka, maana sasa kuna karatasi inasema hivi na simu inasema vile. Inayotakiwa ni barua ya mistari mitatu: "Rejea waraka wetu Kumb. Na. KIKAO/01/2026 wa tarehe 28 Aprili 2026. Kikao kilichopangwa Jumamosi, tarehe 16 Mei 2026, sasa kitafanyika Jumamosi, tarehe 23 Mei 2026, saa 3:00 asubuhi, mahali palepale. Ajenda haijabadilika." Mwenye karatasi ya zamani anajua imefutwa kipi na kimebaki kipi.

Si kila neno la mwalimu mkuu linahitaji safari hii. Basi la Kihonda likipata pancha saa kumi jioni na watoto wakawa watachelewa kwa nusu saa, akianza kutafuta namba ya kumbukumbu wazazi watakuwa wameshajaa kituoni kwa hofu. Habari hiyo iende kundini hapohapo, na ikibidi kwa sauti: "Wazazi wa Kihonda, basi limepata pancha, watoto wako salama na mwalimu wa zamu yuko nao, watafika saa kumi na moja kasorobo."